Ombi la Likizo Lisilohitaji Swali

Nimeidhinisha likizo za watu kwa miaka kumi na moja katika kitengo cha uhasibu cha kampuni moja hapa Dar es Salaam. Kwa muda huo nimezoea kupima barua pepe ya kuomba likizo kwa kipimo kimoja tu: imenilazimisha kuuliza maswali mangapi kabla sijaandika "Nimekubali"? Pasipo hata moja, hiyo ni kazi safi. Moja linavumilika. Yakifika matatu, ombi limeshageuka mazungumzo, na mazungumzo ya barua pepe hayaishi siku moja, maana mimi niko kikaoni, mwombaji yuko benki, na tukikaa vibaya keshokutwa ni sikukuu.

Adabu siipimi. Watu wetu adabu wanayo ya kutosha, na mara nyingi ndiyo inayoimeza habari yenyewe. Chukua hii iliyonifikia Jumanne tarehe 1 Julai 2025 kutoka kwa kijana wa dawati la malipo, mchapakazi ambaye sina neno naye. Nimebadili majina ya wenzake. Mengine yako kama yalivyokuwa.

> Mada: Likizo
>
> Shikamoo dada,
>
> Husika na mada tajwa hapo juu. Natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya kulijenga taifa. Naomba likizo yangu ya mwaka ya wiki mbili kuanzia tarehe 4 hadi 18 mwezi wa nane ili nikapumzike na familia, kwani sijapumzika kwa muda mrefu, na pia kuna shughuli ya kifamilia huko Moshi ambayo uwepo wangu ni wa lazima. Kazi zangu nitahakikisha zimekaa sawa kabla sijaondoka na kaka Baraka atanishikia. Nitapatikana kwenye simu muda wowote. Natanguliza shukrani.

Ukimsomea mtu kwa sauti atakwambia imeandikwa vizuri. Mimi nilimrudishia maswali matano, naye akanijibu mawili. Kufika Ijumaa, mwenzake wa dawati la mapato alikuwa ameshatuma ombi la wiki zilezile, lililokamilika, ambalo ningeweza kuliidhinisha papo hapo. Nililishikilia kwa sababu huyu alitangulia, lakini nakiri vidole viliniwasha.

Tuanze pale jicho linapoanzia. Maombi mengi nayasoma kwenye simu, na simu hainionyeshi barua nzima. Inanionyesha jina la mtumaji, mada, na maneno machache ya mwanzo. Kwa barua hii nilichokiona ni "Likizo", kisha "Shikamoo dada, Husika na mada tajwa hapo juu". Maneno hayo tumeyarithi kutoka kwenye barua za karatasi, ambako juu yake palikuwa na mstari wa herufi kubwa uliopigiwa mstari, YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA, na yalikuwa na kazi: yalimwepusha mwandishi kurudia kichwa. Kwenye barua pepe yenye mada ya neno moja, yanakutuma juu ukakute hakuna kitu. Mwandishi anayejua kazi huziweka tarehe kwenye mada yenyewe, ili hata nisipoifungua barua nijue inagusa wiki gani. Shikamoo iache. Salamu ya neno moja haijawahi kumchelewesha mtu. Ni "majukumu ya kulijenga taifa" ndiyo ningeyafuta kwanza, hasa nikikumbuka kwamba asubuhi ile jukumu langu la kulijenga taifa lilikuwa kutafuta risiti ya wino wa printa.

Sasa tarehe, ambako ndiko kwenye utamu. "Wiki mbili kuanzia tarehe 4 hadi 18." Hesabu kwa vidole. Kuanzia 4 hadi 17 ni siku kumi na nne, wiki mbili kamili. Kuanzia 4 hadi 18, ukiihesabu na 18 yenyewe, ni kumi na tano. Kwa hiyo ama tarehe 18 anarudi kazini, ama bado yuko Moshi siku hiyo na wiki mbili alizotaja si wiki mbili. Kosa liko kwenye neno "hadi". Halisemi kama siku ya mwisho iko ndani au nje, na kila msomaji hulijaza kwa mazoea yake. Dawa yake ni kutaja siku mbili kwa vitenzi viwili tofauti: likizo *inaisha* Jumapili tarehe 17, *nitaripoti* kazini Jumatatu tarehe 18. Ninapokuta neno "nitaripoti" huwa natulia, kwa sababu najua mwandishi ameshajiuliza lile ambalo ningemuuliza mimi.

Ongeza jina la siku mbele ya kila tarehe. Si urembo huo, ni kipimo. Mtu akiandika "Jumatatu 5 Agosti" kwa mwaka 2025, siku na tarehe hazikubaliani, na kosa linajitangaza lenyewe kabla halijafika kwenye kalenda ya ofisi. Akiandika "tarehe 5" peke yake, kosa linapita kimya na tunakuja kuligundua asubuhi ya siku ambayo kiti kiko wazi.

Kisha idadi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, na sikukuu inayoangukia humo ndani inahesabiwa humohumo. Jumamosi na Jumapili nazo zinahesabiwa. Mwaka 2025 Nane Nane iliangukia Ijumaa, katikati kabisa ya likizo ya kijana wetu, na kwa hesabu ya sheria hairudishwi. Likizo yake ni siku 14, basi. Lakini zipo ofisi zinazohesabu siku za kazi tu kwa mujibu wa mikataba yao. Kwa hesabu hiyo, Jumatatu tarehe 4 hadi Jumapili tarehe 17 zina siku kumi za kazi, ukiitoa Nane Nane zinabaki tisa. Vuka mpaka uende Kenya: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inazungumzia siku za kazi zisizopungua 21 baada ya kila miezi kumi na miwili, na kule Nane Nane si sikukuu, kwa hiyo likizo hiyohiyo ingekatwa kumi. Yaani wiki mbili zilezile zinaweza kuandikwa 14, 10 au 9, kutegemea anayehesabu amekaa wapi na mkataba unasemaje. Ndiyo maana "wiki mbili" hainitoshi. Nataka namba ambayo afisa utumishi ataiingiza kwenye daftari lake, na salio litakalobaki. Kijana huyu alikuwa ameshatumia siku saba mwezi Aprili. Alikuwa na 21, anaomba 14, zitabaki 7. Mstari huo mmoja unaniepusha kumpigia simu afisa utumishi, ambaye naye angenijibu kesho.

Kuhusu sababu nitasema machache. Likizo ya mwaka ni haki, haiombewi kwa machozi, na nisingependa kuingia kwenye shughuli za ukoo wa mtu. Ila sheria ya Tanzania inamwachia mwajiri kupanga ni lini likizo ichukuliwe, mradi isipite miezi sita baada ya mzunguko kuisha. Kwa hiyo kinachonisaidia ni kujua tarehe zinasogea au hazisogei. "Tarehe 9 ni harusi ya dada yangu, wiki ya kwanza haisogei; ya pili inaweza" ni sentensi fupi, na ina uzito kuliko "sijapumzika kwa muda mrefu", maana inanipa pa kushika iwapo watu wawili wameomba kwa pamoja.

Tufike kwa Baraka. "Kaka Baraka atanishikia." Nilikutana na Baraka koridoni, nikamuuliza. Akacheka: "Dada, ndiyo kwanza nasikia kwako." Hilo si jambo geni. Watu huandika jina la mwenzao kwa imani kwamba atakubali tu, na kweli hukubali, lakini baada ya kushtuka. Mimi siamini makubaliano ya kukaimu mpaka nione jina la mtu huyo kwenye nakala ya barua ileile. Akiwa ndani ya nakala, amesoma. Akiwa amesoma na hajapinga, nina la kushika. Na "timu itashirikiana kuziba pengo" ni mbaya zaidi kuliko kutotaja mtu, kwa sababu wote wakishika hakuna aliyeshika.

Ila tatizo la Baraka lilikuwa kubwa kuliko hilo. Kwenye mfumo wetu wa benki malipo hupita mikono miwili. Mmoja anayaanzisha: anaingiza jina la mzabuni, akaunti na kiasi, na kupachika ankara. Wa pili anayaidhinisha. Kijana wetu ndiye mwanzishaji, na Baraka ndiye mwidhinishaji. Baraka akimshikia, kwa siku kumi na nne mtu mmoja ataanzisha malipo na kuyaidhinisha mwenyewe. Mfumo uliowekwa vizuri utamkatalia, na wazabuni watakaa bila kulipwa. Uliowekwa ovyo utamruhusu, na hapo mkaguzi atakuwa na la kuandika. Yupo pia mwombaji, ambaye nimeshakutana naye, anayeandika kwa moyo mweupe: "neno langu la siri nimemwachia Baraka". Barua kama hiyo siiidhinishi, hata tarehe zake ziwe safi namna gani. Kwenye mabenki wapo wanaolazimishwa kwenda likizo ndefu bila kukatisha, ili mtu mwingine ashike kazi zao kwa macho yake na kwa jina lake. Ukiacha neno lako la siri, kwenye kumbukumbu za mfumo hukwenda popote.

Kwa hiyo ninapolipima jina la anayekaimu naangalia kama amekubali, na kama mfumo unamruhusu kufanya hiyo kazi mahsusi. Baraka alianguka kote kuwili. Aliyefaa ni Neema wa dawati la stoo, ambaye alikuwa na haki ya kuanzisha malipo tangu mwaka uliotangulia, alipomkaimu mtu wakati wa uzazi, na haki yake ilihitaji kufunguliwa tu na msimamizi wa mfumo. Hiyo kazi inachukua siku mbili tatu kwetu, na hakuna anayeikumbuka mpaka ombi liitaje.

Makabidhiano nayo. "Kazi zangu nitahakikisha zimekaa sawa." Zipi? Dawati la malipo lina kazi kumi na kitu, na simtaki azipange zote kwenye ombi. Nilimwambia afungue kalenda, aweke kidole tarehe 4, akipeleke mpaka 18, kisha akiongezee siku mbili mbele, na aniandikie tu zile kazi ambazo tarehe zake zinakanyagwa na kidole. Zilitoka tatu. Ritani ya kodi ya mishahara ya Julai, ambayo kwa Tanzania mwisho wake ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Malipo ya wazabuni, ambayo sisi tunayafanya kila Alhamisi, yaani tarehe 7 na 14. Na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani, mwisho tarehe 20, siku mbili tu baada ya kurudi kwake.

Hiyo ya tatu ndiyo inayomtenganisha mwandishi mzoefu na mchanga. Haiko ndani ya likizo, kwa hiyo mchanga haitaji. Mzoefu anajua kwamba Jumatatu ya kurudi atakuta barua pepe mia mbili na ratiba ya kikao, na kwamba basi la Moshi likiharibika njiani, siku mbili zimekuwa moja. Kazi ya namna hiyo haihitaji mtu wa kuifanya. Inahitaji kuandaliwa kabla, na mtu mmoja ajue rasimu iko wapi. Kwa kuwa ni hesabu za Julai, na Julai imeshafungwa kabla hajaondoka, sehemu kubwa inawezekana kuikamilisha mapema.

Na lile la kupatikana kwenye simu muda wowote? Wengi huliandika kama zawadi kwa bosi. Mimi hulisoma kama kukiri kwamba makabidhiano hayatafanyika. Likitajwa, litajwe kwa mpaka: kwa jambo gani, na kwa nani.

Alikaa na kalenda, na Jumatano tarehe 9 Julai akaleta hii:

> Mada: Ombi la likizo, Jumatatu 4 hadi Jumapili 17 Agosti 2025, siku 14
>
> Nakala: Neema, Baraka, Afisa Utumishi
>
> Shikamoo dada,
>
> Naomba likizo ya mwaka ya siku 14. Inaanza Jumatatu 4 Agosti na kuisha Jumapili 17 Agosti. Nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 18. Salio langu ni siku 21, zitabaki 7. Wiki ya kwanza haisogei kwa sababu ya harusi ya dada yangu tarehe 9. Ya pili inaweza kusogea.
>
> Atakayenikaimu ni Neema, tumekubaliana. Naomba haki yake ya kuanzisha malipo ifunguliwe kuanzia tarehe 4 hadi 17. Baraka ataendelea kuidhinisha kama kawaida.
>
> Ritani ya kodi ya mishahara (mwisho Alhamisi tarehe 7): nitakuletea uikague Alhamisi 31 Julai, Neema ataiwasilisha.
>
> Malipo ya wazabuni, Alhamisi tarehe 7 na 14: Neema. Ankara zilizokamilika nitaziacha kwenye faili la kijani, zenye utata hazitalipwa mpaka nirudi.
>
> Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (mwisho Jumatano tarehe 20): rasimu nitaiacha tayari kwenye folda ya Julai, nitaimalizia tarehe 18.
>
> Makabidhiano na Neema ni Ijumaa tarehe 1 Agosti saa nane mchana. Akikwama kwenye ritani anipigie, mengine yasubiri.
>
> Naomba jibu kabla ya Ijumaa 18 Julai ili nikate tiketi.

Ni ndefu kuliko ya kwanza. Wanaofundisha kuandika kwa ufupi wasinikasirikie. Urefu wake wote ni wa majibu. Tazama lile la ankara zenye utata. Hapo ameweka mpaka wa madaraka ya Neema, kwamba kuna asichotakiwa kukigusa. Ni sehemu adimu kabisa katika maombi ninayopokea, na ndiyo inayozuia mtu anayekaimu kulipa kwa huruma ankara ya mzabuni anayepiga simu mara sita kwa siku. Tazama pia siku ya mwisho ya kujibiwa. Si ujeuri kuitaja, mradi ina sababu. Bila hiyo, ombi lake lingekaa chini ya mengine yenye tarehe.

Kama kuna kitu ningekipunguza, ni pale aliposema mfumo ufunguliwe. Hilo ni ombi la pili ndani ya ombi la kwanza, na linakwenda kwa mtu mwingine. Ningependa alitume peke yake kwa msimamizi wa mfumo baada ya mimi kukubali, na hapa alitaje tu. Lakini ni kasoro ndogo, na nimeona zilizozidi upande wa pili: dada mmoja aliwahi kuniletea ombi lenye jedwali la mistari kumi na tisa, likiwemo jina la duka la mkate wa chai ya saa nne. Hayo ni ya kwenye karatasi ya makabidhiano, baina yake na anayemkaimu.

Nilijibu nikiwa kwenye foleni ya benki, kwa kidole gumba: "Nimekubali zote 14. Msimamizi wa mfumo amfungulie Neema." Swali sikuwa nalo. Lile la mwenzake wa dawati la mapato tulilisogeza wiki mbili mbele bila ugomvi.

Kisha Jumanne tarehe 5 Agosti dereva akaja kuomba hela ya mafuta, na Neema akaniuliza ufunguo wa kisanduku cha peti keshi uko wapi. Hakuna aliyekuwa ameuandika, si kijana wetu wala mimi niliyejisifu kwamba sikuwa na swali. Ulikuwa Moshi, kwenye mkoba wa harusi. Mafuta ya siku hiyo nilitoa mfukoni mwangu, na ufunguo ukarudi Dar kwa basi la kesho yake, ndani ya bahasha aliyokabidhiwa kondakta.